Shajara ya mradi: qipao mbili kwa vipimo vya mtu mmoja, ya mkato bapa na ya dati

Qipao ni gauni la Kichina la kola iliyosimama, na mradi huu ni wa kushona mbili kwa vipimo vilevile. Ya kwanza inafuata mkato wa Shanghai wa katikati ya miaka ya 1930: kitambaa kimoja kinakunjwa begani, hakuna mshono wa bega, hakuna mshono katikati, wala dati, yaani mkunjo unaoshonwa ili kulibana vazi mwilini. Ya pili inafuata mkato ulioenea Hong Kong miaka ya 1950, baada ya mafundi wengi wa Shanghai kuhamia huko: mshono wa bega, mkono unaoshonewa kwapani, dati na zipu. Kwa mbali zote mbili zina kola ileile, vifungo vilevile na mpasuo uleule. Tofauti yao huonekana mezani, wakati wa kukata.

Bei zote ni za Kariakoo, kwa shilingi za Tanzania. Anayetaka kuiga kazi hii abadilishe vipimo tu, mpangilio wa hatua asiuguse.

11 Januari 2025: vipimo na mchoro wa mkato bapa

Mvaaji ana kifua sm 88, kiuno 70, nyonga 94 na shingo 35. Urefu kutoka begani hadi pindo ni 118, yaani katikati ya goti na kifundo cha mguu. Urefu huo ndio uliotajwa katika kanuni za mavazi za serikali ya China za Aprili 1929, zilizoifanya qipao kuwa mojawapo ya mavazi rasmi ya wanawake. Kanuni hizo zilitaka pia kola iliyosimama, mbele inayofungwa kuelekea kulia, rangi ya buluu na vifungo sita. Mitindo haikuzitii kwa muda mrefu. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 pindo lilikuwa limeshuka hadi sakafuni, kisha likapanda tena. Sisi tumechukua urefu na hesabu ya vifungo tu.

Mkato bapa huchorwa kwa robo. Kitambaa hukunjwa mara mbili: kwanza kwa urefu, mstari wa katikati ya mwili, kisha kwa upana, mstari wa mabega. Kwenye robo hiyo tulipima kifua sm 24, kiuno 21, nyonga 24.5 na pindo 22. Kwapa liko sm 20 chini ya kunjo la bega, na mkono mfupi unaendelea moja kwa moja kutoka kwenye mwili.

Kipimo cha kuangalia ni kile cha kiuno. Robo ya 21 ni sm 84 mwili mzima, na kiuno cha mvaaji ni 70. Nafasi hiyo ya sm 14 si uzembe wa kupima. Bila dati, kazi yote ya kubana huangukia mshono wa ubavuni, na mshono huo ukiingia ndani kwa zaidi ya sm 3 au 4 kutoka kifuani, ukingo wake huwa mfupi mno kwa mwili unaoufunika. Matokeo yake ni mikunjo ya mlalo kiunoni ambayo pasi haiwezi kuifuta. Picha za miaka ile zinaonyesha qipao zinazoteremka mwilini bila kuukumbatia, na sababu yake kubwa ni hiyo.

Tulinunua marekani mita 2.5 ya majaribio (8,750), poplini ya buluu yenye upana wa sm 112 mita 3 (18,000), na satini ya polista mita 3 (15,000). Satini ndiyo iliyokusudiwa kuwa vazi lenyewe.

18 Januari 2025: tatizo la mbele kubwa

Siku nzima ilikwenda kwenye jambo hili moja, kwa hiyo tunalieleza kwa kirefu.

Qipao hufunguka kwa mstari unaoanzia katikati ya shingo, unapinda kuelekea kulia na kushuka hadi kwapani, kisha unafuata ubavu. Sehemu kubwa ya mbele, inayofunika, tutaiita mbele kubwa. Chini yake, upande wa kulia, kuna kipande kidogo cha bega na kifua ambacho bado kimeungana na mgongo, kwa sababu begani hapana mshono. Ukipitisha mkasi kwenye ule mstari, unapata kingo mbili zinazogusana. Hakuna hata milimita ya kupandisha ukingo mmoja juu ya mwingine.

Kipande kile kidogo kinatakiwa kuongezewa kitambaa kwa chini, mbele ndogo, ili vazi likifungwa ngozi isionekane. Kuongezea maana yake ni kushona, na mshono unakula. Ukitumia sm 0.7 ya mshono, basi mstari wa uzi unakaa sm 0.7 juu ya pale mkasi ulipopita, wakati ukingo wa mbele kubwa umebaki palepale. Vazi likifungwa, kiungo kinachungulia juu ya mbele kubwa kutoka shingoni hadi kwapani. Marekani yetu ya kwanza ilionyesha hivyo hasa.

Mafundi wa zamani walilimaliza kwa pasi. Mstari wa mbele kubwa, kwa sababu ya mpindo wake, hukata kitambaa kwa mshazari katika sehemu kubwa ya njia, na mshazari hukubali kuvutwa. Ukingo hulowanishwa kidogo, hupigwa pasi ya moto huku ukivutwa juu kuelekea begani, mpaka upande sm 1.5. Sm 0.7 inafunika mshono na 0.8 inabaki kuwa akiba ya kufunika.

Kabla ya kukata kitambaa chenyewe tulikata vipande vya mshazari vya sm 20 kutoka kwenye ncha za poplini na satini, tukavivuta kwa pasi na kuviacha vipoe juu ya meza. Poplini ilibaki na sm 1.6 za nyongeza. Satini ilivutika vizuri ikiwa ya moto, lakini ilipopoa ikarudi karibu yote, na mahali pasi ilipokaa muda mrefu pakaanza kung'aa. Polista imeshapewa umbo lake kiwandani kwa joto kali kuliko la pasi inayoweza kuipiga bila kuiharibu. Pamba, sufu na hariri hukubali umbo jipya kwa maji na moto. Kwa hiyo mkato bapa utakuwa wa poplini, na satini imewekwa kando ikisubiri qipao ya dati.

Anayelazimika kutumia polista kwa mkato huu ana njia nyingine: utepe mpana wa mshazari unaoshonwa ukitokeza sm 1.5 nje ya ukingo wa mbele kubwa, ili utepe wenyewe ufunike kiungo. Unafanya kazi, ila utepe mpana hivyo huonekana kama pambo lililokusudiwa, basi uchaguliwe rangi inayostahili kuonekana.

25 Januari 2025: kukata poplini na kuvuta

Mpangilio uliofaulu ni huu. Kata ubavu na mkono kwanza, ukiacha sm 2 za mshono. Fungua kunjo la katikati, kisha kata mstari wa mbele kubwa kwenye tabaka la mbele peke yake. Tundu la shingo liache likiwa dogo sana, upenyo wa kuanzia tu. Vuta mbele kubwa kwa pasi. Mwisho kabisa chora shingo halisi.

Shingo hungoja kwa sababu mbele kubwa ikipanda sm 1.5, ncha yake ya shingoni hupanda pia, na tundu hujifunga. Aliyekata shingo mapema atalazimika kukata tena upande mmoja, na kola itakaa imeegemea. Pindo pia limekatwa baada ya kuvuta, vazi likiwa limening'inizwa, kwa kuwa upande wa kulia wa mbele ulikuwa umenyanyuka kidogo.

Ukingo uliovutwa hauaminiki mpaka uzuiwe. Ukiushika-shika wakati wa kushona utaendelea kurefuka na utapepea kama jani la letesi. Mafundi wa China walipaka gundi nyembamba ya wanga kwenye kingo. Sisi tulipika kanji nzito, tukaipaka kwa mgongo wa kisu upana wa sm 0.5, tukapiga pasi mpaka ikakauka. Kingo zikawa ngumu kama karatasi na utepe wa mshazari ukakaa bila kubishana. Jaribio la kutumia mkanda wa gamu, yaani kitambaa cha kugumisha kinachogandishwa kwa pasi, badala ya kanji halikuridhisha: lilizuia ukingo sawasawa, lakini alama ya mkanda ilionekana upande wa nje wa poplini nyembamba.

Mbele ndogo ilikatwa kutoka kwenye mabaki ya ubavuni. Inashuka hadi sm 12 chini ya kwapa, halafu inapungua.

1 Februari 2025: shingo na kola

Mafundi wetu huku wameizoea kola ya Kichina ya mashati: ukanda ulionyooka, umeshonwa shingoni, basi. Tuliushona huo kwanza kwenye marekani, urefu sm 37, kimo 5. Ulisimama mbali na shingo pande zote, na mbele ncha zake zilikimbiana kwa juu zikaacha pembe wazi. Shingo ya mtu huwa nyembamba inavyopanda, na ukanda ulionyooka ukifungwa ni bomba la upana mmoja juu na chini.

Kola ya qipao huchorwa ikipinda. Mstari wa chini huanza ukiwa umenyooka katikati ya nyuma, halafu hupanda taratibu, na kwenye ncha ya mbele huwa umenyanyuka. Tulijaribu mnyanyuko wa sm 1, 2 na 3. Wa sm 1 uliacha nafasi bado. Wa 3 ulishika shingo vizuri lakini mvaaji alipogeuza kichwa ukingo wa juu ulimkwaruza. Wa 2 ndio uliobaki, kimo sm 4.5 mbele na 5 nyuma, ncha zimeviringishwa. Kola za miaka ya mwanzo ya 1930 zilikuwa ndefu kuliko hii, nyingine zikigusa taya na kuhitaji vifungo viwili au vitatu. Kwa kimo hicho mnyanyuko upungue, la sivyo mvaaji hatainamisha kichwa.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye tundu, wala si kwenye kola. Kola ni sm 37, kwa hiyo fundi anapima tundu la sm 37 na kukata. Lakini kola haishonwi kwenye ukingo, inashonwa sm 1 ndani ya kitambaa, na kila sm 1 unayorudi nyuma kutoka kwenye ukingo wa duara huongeza mzunguko kwa sm 6 na ushei. Tundu la 37 linakuwa na mstari wa kushonea wa 43. Kola haifiki, au fundi anaivuta ifike na shingo inajaa mikunjo. Kwa kola ya 37 na mshono wa sm 1, tundu la mkasi ni kama sm 31. Sisi tulianza na 29, tukapima mstari wa kushonea kwa kusimamisha utepe wa futi kwa ubavu wake juu ya chaki, kisha tukapunguza milimita chache chache. Nyuma tundu linashuka sm 1 tu chini ya kunjo la bega. Lililobaki lote linaingia mbele.

Kuhusu ugumu, tabaka mbili za gamu zilitoa mapovu kola ilipokunjwa duara, kwa sababu tabaka la ndani lilikuwa refu sawa na la nje. Tukabaki na tabaka moja la gamu upande wa nje, na kitambaa cha ndani kikapunguzwa sm 0.3 kwa urefu na 0.2 kwa kimo, kikapigwa bandi kola ikiwa imezungushwa kwenye chupa. Baada ya hapo kola haikutoa povu tena.

8 Februari 2025: vifungo vya fundo na kitanzi

Vifungo hivi, pankou, ni vya kitambaa kitupu: upande mmoja fundo, upande wa pili kitanzi, na mikia miwili ya kila upande hushonwa juu ya vazi. Viko vinavyokunjwa kuwa kipepeo, krisanthemu au ala ya muziki ya Kichina yenye nyuzi iitwayo pipa, na hivyo hutiwa waya mwembamba wa shaba ndani ili umbo lishike. Tulichagua aina ya mkia ulionyooka, kwa kuwa ndiyo inayobeba kazi na ndiyo inayofichua kasoro upesi.

Mkanda wa kwanza ulikatwa kwa kufuata uzi ulionyooka wa kitambaa. Fundo lilitoka na pembe, na kila mzunguko ulivunjika badala ya kupinda. Mkanda lazima uwe wa mshazari wa digrii 45, upana sm 2. Kingo zake hukunjwa hadi katikati, halafu mkanda hukunjwa tena uwe sm 0.5, na kushonwa kwa mkono.

Mkanda wa pili, wa mshazari lakini mtupu ndani, ulitoa fundo zuri la mviringo, ila lilikuwa laini. Vazi likivutwa, fundo linajibana na kuponyoka kitanzini. Tuliweka nyuzi nne nene za pamba ndani ya mkanda kabla ya kushona, na tatizo likaisha. Kipimo kilichofaa kwa unene huu ni sm 22 kwa upande wa fundo na 12 kwa upande wa kitanzi, ambapo kila mkia unabaki na kama sm 4.5. Fundo lenyewe linakula sm 12 na zaidi, jambo linalowashtua wengi mkanda unapoisha mikononi.

Kukaza kufanyike kwa mzunguko: vuta kila pindo kidogo kwa ncha ya sindano nene, zungusha, vuta linalofuata. Anayekaza kwa kuvuta mikia miwili kwa nguvu anapata fundo lililolala upande mmoja, na halinyooki tena. Mshono wa mkanda uelekezwe ndani njia nzima. Kitanzi kiwe cha kubana kiasi kwamba fundo linapita kwa kusukumwa na kidole gumba. Kitanzi cha poplini hulegea baada ya kuvaliwa mara chache.

Tumeweka vifungo sita: kimoja kwenye kola, kimoja penye mpindo wa kifua, kimoja kwapani, na vitatu ubavuni hadi usawa wa nyonga. Kila kimoja kikae ili fundo liwe juu ya mstari wa ukingo kabisa. Kile cha kwapani ndicho kinachoteswa zaidi, maana kinavutwa chini na pembeni kwa pamoja mkono ukinyanyuka. Tulikishona na kipande cha kitambaa kwa nyuma. Kati ya vifungo vya ubavuni kuna vifungo vya chuma vya kubana, ambavyo navyo vilikuwa vikitumika kwenye qipao za miaka ya 1930, kwani bila hivyo ubavu hufunguka kama midomo kila mvaaji anapokaa.

15 Februari 2025: mpasuo

Pindo la robo 22 ni sm 88 kwa mzunguko wote, pungufu ya nyonga. Mtu hawezi kupiga hatua ndani yake. Qipao za mwanzo wa miaka ya 1920 zilikuwa pana kwa chini na hazikuwa na shida hiyo. Mpasuo ulizidi kuhitajika kadiri vazi lilivyobana na kurefuka. Pindo lilipofika sakafuni katikati ya miaka ya 1930, mpasuo ulipanda nao, na wengi walivaa ndani gauni jepesi lenye lesi ya kuonekana pale mpasuo unapofunguka.

Urefu wa mpasuo hatukuukisia. Marekani ilishonwa ubavu wote hadi chini, mvaaji akatembea na kupanda ngazi, na mshono ukafumuliwa kidogo kidogo mpaka goti likaacha kuvuta kitambaa. Ukafika sm 38 kutoka pindoni, pande zote mbili. Jaribio la ngazi ni la lazima, kwani kwa kutembea sakafuni tu sm 30 zilitosha.

Kasoro mbili zilijitokeza. Ya kwanza, kingo za mpasuo zilikuwa zikifunguka hata mvaaji akiwa amesimama. Watu hulaumu mpasuo kuwa mrefu, lakini dawa iko juu yake. Mshono wa nyonga ukibana, kitambaa kinavutwa kwa mlalo, na chini ambako hakuna mshono kinakimbilia mbele na nyuma. Tulilegeza mshono sm 0.5 kila ubavu kwenye nyonga na mpasuo ukajifunga. Ya pili, ukingo ulikuwa na mawimbi, kwa sababu utepe wa mshazari ulishonwa bila kuzuia ukingo kwanza. Tulifumua, tukapiga bandi uzi mnene kwenye ukingo, tukauvuta ufupike kwa sm 0.4 katika sm 38, tukapiga pasi, ndipo utepe ukarudi.

Kilele cha mpasuo kinahitaji kiraka cha pembetatu upande wa ndani, sm 2, na mishono ya kurudia. Bila kiraka, uzi wa mwisho hukatika wa kwanza, na mchaniko hupanda juu kwenye kitambaa chenyewe.

Poplini imekamilika. Pamoja na gamu, uzi, vifungo vya chuma na bitana ya kola, vitu vidogo vilifika 9,500, kwa hiyo vazi hili bila marekani ni 27,500. Mvaaji akinyanyua mikono, vazi halipandi. Akiishusha, mikunjo ya mshazari hutoka kwapani kuelekea kifuani. Mkato ulionyooka begani hauna pa kuipeleka, na hakuna wa kurekebisha hapo bila kubadili mkato.

1 Machi 2025: satini na mkato wa dati

Hapa bega linapata mshono wenye mteremko wa sm 4, na ile mikunjo ya kwapani inaondoka karibu yote. Lakini faida ambayo haitajwi sana ni ya mezani. Mbele na nyuma zikishatengana, mbele ndogo hukatwa peke yake kuanzia begani, na akiba yoyote unayoitaka. Tatizo lililotula Januari halipo tena, na kitambaa kisichovutika sasa kinafaa. Polista hii ingeweza kukatwa namna hii bila pasi ya kuvuta hata kidogo.

Kitambaa nacho hupungua. Nusu ya mbele na ya nyuma, kila moja sm 53 pamoja na mishono, zinakaa kando kwa kando kwenye upana wa 112. Mita 2 zilitosha pamoja na mikono, tofauti na 2.5 za mkato bapa. Vitambaa vingi vya zamani vilikuwa vyembamba na havikuruhusu mpangilio huo.

Ubavu umeachwa na mstari uleule wa robo 21 kiunoni. Dati nne za wima, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja ikimeza sm 2.5, zinapunguza sm 10, na kiuno kinatoka 84 hadi 74. Dati ya kifua inatoka ubavuni, sm 2.5, ikiishia sm 3 kabla ya ncha ya titi. Mara ya kwanza ilifika kwenye ncha yenyewe na kutoa kibonyeo kinachong'aa kwenye satini. Dati zote zilielekezwa katikati na kupigwa pasi juu ya taulo lililoviringishwa, kwa sababu pasi juu ya meza ngumu iliacha alama ya mstari kwa nje.

Zipu ya sm 40 iko ubavu wa kulia. Ilitoa mawimbi kiunoni, mahali mshono unapoingia ndani, mpaka akiba ya mshono ilipokatwa vipande vidogo kila sm 2 na zipu ikashonwa vazi likiwa juu ya sanamu badala ya mezani. Vifungo vya ubavuni vimeondolewa, maana havina tena cha kushika. Vimebaki viwili, cha kola na cha kifua, na cha kifua kinasaidiwa na ndoano ndogo kwa ndani. Kola ni ileile. Pindo la robo limeshuka hadi 20, na kwa jaribio la ngazi mpasuo ukapanda hadi sm 43.

Mvaaji akinyanyua mikono, vazi zima linapanda. Kwapa lililoshonewa mkono haliwezi kutoa kile kilichokuwa kimejificha kwenye mikunjo ya mkato bapa.

15 Machi 2025: baada ya kufua

Satini imerudi kama ilivyokuwa. Poplini ilifuliwa kwa mkono, maji ya baridi, na kanji ya kingo ikatoka kama ilivyotarajiwa. Mbele kubwa imerudi chini sm 0.3, bado ndani ya akiba ya 0.8, hivyo kiungo hakionekani. Vifungo vimesinyaa kidogo na vitanzi vimebana zaidi. Anayeiga afue kitambaa cha vifungo kabla ya kukata mkanda, na baada ya kila kufua apake kanji nyepesi upande wa ndani wa mbele kubwa, apige pasi akielekeza begani.